Barua ya wazi kwa wakuu wa afya: kipimo cha B12 kinaposema "sawa" na miguu inapooza

Kwenu wakuu wa wizara za afya, waganga wakuu wa hospitali, wasimamizi wa maabara, na nyote mnaoandika miongozo inayofuatwa katika vyumba vya dharura.

Waheshimiwa,

Mimi ni daktari wa mishipa ya fahamu. Nawaandikia kuhusu vijana wanaovuta gesi ya kucheka, yaani nitrasi oksaidi, ile inayouzwa katika vichupa vya kuumulia krimu na siku hizi katika mitungi mikubwa. Wanafika hospitali miguu imekufa ganzi. Wanapimwa kiwango cha vitamini B12 katika damu, jibu linatoka la kawaida, wanaambiwa hawana tatizo, wanarudi nyumbani. Wengi wao nakutana nao baada ya hapo, wakiwa wameshikwa mkono na ndugu kwa sababu hawawezi tena kupita mlangoni peke yao.

Tatizo hili linatibika, na dawa yake ni ya zamani na ya bei nafuu. Kinachowalemaza ni siku na wiki zinazopotea kati ya ziara ya kwanza na sindano ya kwanza, na siku hizo zinapotea kwa sababu ya utaratibu ambao ninyi mna mamlaka ya kuubadilisha.

Naomba mniruhusu nieleze kwanza gesi hii inafanya nini, maana bila hilo ombi langu litaonekana la ajabu.

Katikati ya kila molekuli ya vitamini B12 kuna chembe moja ya kobalti. Vitamini hii inafanya kazi kwa sababu ya kobalti hiyo. Ndani ya seli, B12 hukaa kwenye kimeng'enya kinachoitwa methionini sinthesi, ambacho huchukua homosisteini na kuigeuza kuwa methionini. Kutokana na methionini mwili hupata malighafi ya kutengeneza na kutunza mayelini, ule utando wa mafuta unaozunguka nyuzi za neva kama plastiki inavyozunguka waya wa umeme. Ili kazi hiyo ifanyike, kuna wakati kobalti inabidi iwe katika hali fulani isiyotulia, tayari kupokea na kutoa. Nitrasi oksaidi huikuta hapo hapo na kuioksidisha. Kuanzia hapo B12 ile imekufa kikazi, na kimeng'enya kilichoibeba kimeharibika pamoja nayo. Hakirudi katika hali yake. Mwili hulazimika kuunda kimeng'enya kipya, kazi inayochukua siku kadhaa, wakati gesi yenyewe imeshatoka mapafuni ndani ya dakika chache na haiachi dalili yoyote katika kipimo cha kawaida cha dawa za kulevya kwenye mkojo.

Tazameni basi kinachotokea maabara. Mashine inayopima B12 katika damu huhesabu molekuli zilizopo. Haiulizi kama zinafanya kazi. Molekuli zilizooksidishwa zinaweza kuhesabiwa pamoja na zile nzima, na jumla ikawa ndani ya mipaka ya kawaida huku seli za neva hazina hata kidogo cha kutumia. Hali huwa mbaya zaidi pale kijana aliposikia kwa wenzake kwamba gesi inamaliza B12 na akaanza kumeza vidonge vyake. Hapo jibu linaweza kutoka juu kabisa, na daktari aliyechoka usiku wa manane anaona namba ile na kufunga faili.

Picha ya damu nayo humpotosha mtu. Sote tulifundishwa kwamba upungufu wa B12 huleta upungufu wa damu na chembe nyekundu zilizovimba. Kwa wavuta gesi mara nyingi damu huwa safi kabisa, kwa sababu neva zimeumia kabla uboho haujaonyesha lolote.

Haya si mapya. Mwaka 1956, madaktari wa Denmark waliokuwa wakiwatibu wagonjwa wa pepopunda kwa kuwalaza kwa gesi hii siku nyingi mfululizo waliandika kwamba uboho wa wagonjwa hao ulisimama kutengeneza damu. Mwaka 1978, Robert Layzer alichapisha habari za wagonjwa 15 wenye neva na uti wa mgongo ulioharibika, na 14 kati yao walikuwa madaktari wa meno, watu wenye gesi hiyo mezani kila siku. Kwa hiyo uhusiano wa gesi na miguu umejulikana kwa miongo mingi. Tofauti ya leo ni kiasi. Kichupa cha krimu kina gramu 8. Mtungi wa gramu 600 ni sawa na vichupa 75, na mtu anaweza kuumaliza bila kuhesabu chochote, kwa sababu hakuna kichupa tupu kinachoanguka sakafuni kumkumbusha amefika wapi.

Sasa nimchore mgonjwa mmoja. Si mtu fulani. Nimemjenga kwa dalili na makosa ninayoyaona yakijirudia, ili msimtafute.

Ana umri wa miaka 23. Alianza kwa puto moja moja kwenye sherehe, akafikia mtungi kila mwisho wa wiki, kisha siku nyingi za wiki. Baada ya miezi mitatu anahisi vidole vya miguu vinachonyota, baadaye na ncha za vidole vya mikono. Kiatu cha wazi kinamchomoka mguuni na anatembea hatua kadhaa bila kujua. Akiinamisha kichwa kusoma simu, kitu kama umeme kinashuka mgongoni hadi miguuni. Usiku taa zikizimwa anayumba, na asubuhi akifumba macho kunawa uso inabidi aegemee ukuta.

Ziara ya kwanza anaambiwa ni mgongo, anapewa dawa ya maumivu. Hakuna anayemvua viatu. Ziara ya pili, siku kumi baadaye, anatolewa damu: himoglobini 14.1, B12 pikogramu 310 kwa mililita. Vyote viko sawa. Anaandikiwa vidonge vya vitamini mchanganyiko vyenye asidi ya foliki nyingi na kuambiwa apunguze mawazo. Hajaulizwa kuhusu gesi, naye hajasema, kwa sababu haoni kwamba kile anachokiita starehe kina uhusiano wowote na miguu. Tena anaona aibu. Anapoendelea kuwa na wasiwasi, anavuta zaidi.

Ziara ya tatu analetwa kwenye kiti cha magurudumu. Nguvu za kunyanyua nyayo zimekwisha, kwa hiyo vidole vinaburuta chini. Safari hii wanashuku ugonjwa wa Guillain-Barré, ule ambao kinga ya mwili hushambulia neva na udhaifu hupanda kutoka miguuni. Shaka hiyo ina msingi, maana refleksi za vifundo zimepotea. Lakini kuna mambo mawili yasiyolingana nayo. Nyayo yake ikikwaruzwa, kidole gumba kinapanda juu badala ya kushuka. Na ule umeme wa shingoni bado upo. Mambo hayo mawili yanaonyesha kwamba ugwe mgongo, yaani kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo, nao umeumia. Refleksi ya kifundo iliyopotea pamoja na kidole gumba kinachopanda, vikikutana kwa mtu mmoja, ni lazima vimfanye daktari afikirie B12, hata kama karatasi ya maabara inasema nini.

Kwa nini miguu? Nyuzi zinazoleta habari za mtetemo na za mahali kiungo kilipo hutoka kwenye nyayo, hupanda katika sehemu ya nyuma ya ugwe mgongo na hazipumziki mpaka zifike chini ya ubongo. Ni safari ndefu kuliko zote mwilini, na kila sentimita yake inahitaji mayelini iliyotunzwa. Neva za nje ya uti wa mgongo zinazoshuka hadi vidoleni nazo ni ndefu kupita nyingine. Kwa hiyo mguu hupigwa mara mbili, ndani ya ugwe na nje yake, na ndiyo maana kijana huyu ana dalili zinazoonekana kupingana. Ubongo wake haupokei tena habari kwamba mguu uko wapi. Akiwa na macho wazi anajisaidia kwa kuangalia chini. Gizani hana cha kujisaidia nacho.

Kugundua haya hakuhitaji mashine. Kunahitaji dakika tano na mgonjwa aliyevua viatu na soksi. Mshike kidole gumba cha mguu pembeni, afumbe macho, kisogeze juu au chini kwa milimita chache na umuulize kimeelekea wapi. Gonga uma wa mtetemo, ule wa mitetemo 128 kwa sekunde, uuweke kwenye kifundo, kisha gotini, kisha kwenye mfupa wa nyonga, uone anaanza kuusikia wapi. Msimamishe miguu ikiwa pamoja, afumbe macho, na usimame karibu yake umdake. Kijana wetu anakosea kidole karibu kila mara, haisikii mitetemo mpaka nyongani, na akifumba macho anaanguka.

Picha ya MRI ya shingo yake inaonyesha mstari mweupe katika sehemu ya nyuma ya ugwe, na ukikata picha kwa upana unaonekana kama herufi V iliyopinduliwa. Ikiwepo, inasaidia sana. Lakini naomba isiandikwe popote kwamba bila picha hiyo hakuna ugonjwa. Wapo wagonjwa wanaoyumba kabisa na picha zao ni safi, hasa wale ambao neva za nje ndizo zilizoumia zaidi.

Kipimo kinachosema ukweli ni kile cha taka zinazorundikana B12 inaposhindwa kufanya kazi. Homosisteini yake ni maikromoli 92 kwa lita, wakati kwa kawaida haizidi takriban 15. Asidi ya methilimaloniki nayo iko juu. Ya kwanza hupanda upesi na ni nyepesi kushtuka, ingawa hupandishwa pia na upungufu wa foleti na ugonjwa wa figo. Ya pili hushuhudia zaidi B12 yenyewe. Wasimamizi wa maabara, hapa nawageukia ninyi. Damu ya homosisteini ikiachwa mezani, chembe nyekundu huendelea kuitoa na jibu hupanda kwa uongo. Chupa iwekwe kwenye barafu mara tu baada ya damu kutolewa, na plazima itenganishwe ndani ya saa moja. Nimeshaona majibu ambayo nilishindwa kuyaamini wala kuyakataa kwa sababu hakuna aliyeandika sampuli ilikaa wapi. Vilevile, homosisteini hushuka haraka mtu akiacha gesi au akichomwa sindano, kwa hiyo damu itolewe kabla ya sindano ya kwanza. Na mtu aliyeacha wiki mbili zilizopita anaweza kuwa na jibu la kawaida huku miguu yake bado ni migonjwa. Kwake mnabaki na historia na uchunguzi wa mwili, na vinatosha kuanza tiba.

Tiba yenyewe ni haidroksokobalamini, yaani B12 ya sindano, miligramu 1 ndani ya msuli, kila siku au siku moja baada ya nyingine kwa wiki za mwanzo, kisha kwa nafasi kubwa zaidi kadiri mgonjwa anavyoendelea. Damu ikishatolewa, sindano ichomwe saa hiyo hiyo. Majibu ya homosisteini yanaweza kuchukua siku nyingi, hasa pale sampuli inapopelekwa maabara ya mbali, na hakuna faida yoyote ya kumweka mtu anayepooza akingoja karatasi. Sindano ikichomwa kwa mtu ambaye baadaye anaonekana hakuihitaji, madhara ni madogo mno. Ikicheleweshwa kwa aliyeihitaji, nyuzi zilizovuliwa mayelini tu, ambazo zingeweza kufunikwa tena, zinaanza kufa zenyewe. Zikifika hapo hakuna sindano inayozirudisha.

Kuhusu asidi ya foliki, naomba iandikwe kwa herufi nzito: isianzishwe peke yake wala kabla ya B12. Inaweza kuifanya damu ionekane nzuri huku neva zikiendelea kuharibika chini yake, na kwa mgonjwa mwenye B12 isiyofanya kazi inaweza hata kuzidisha hali. Yule kijana alipewa vidonge hivyo kwa nia njema kabisa.

Na sindano haimlindi anayeendelea kuvuta. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu limeshageuka kuwa desturi: mtu anachomwa B12 mchana ili avute usiku. Gesi huioksidisha B12 mpya kama ilivyoioksidisha ya zamani, na kimeng'enya kipya huharibiwa kabla hakijafanya kazi. Kinachopatikana ni namba nzuri zaidi maabara, yaani daktari anayefuata anadanganyika zaidi. Anayeshindwa kuacha anahitaji msaada wa kuacha, uandikwe kwenye fomu ile ile ya sindano, siku ile ile.

Wapo pia wanaoumia kwa kiasi kidogo kuliko wenzao, na mara nyingi sababu ni kwamba waliingia na akiba ndogo: wasiokula kabisa vyakula vitokanavyo na wanyama, wanaotumia dawa ya kisukari ya metifomini kwa miaka mingi, waliokatwa sehemu ya tumbo, wenye tumbo lisilofyonza B12. Kwa sababu hiyo siwezi kumwambia mtu yeyote idadi ya maputo yaliyo salama, na naomba vipeperushi vyenu visijaribu.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki. Katika mwongozo wa chumba cha dharura, kila mtu mwenye ganzi ya miguu, kuyumba au udhaifu ulioanza ndani ya siku au wiki aulizwe kwa maneno ya wazi: "Umewahi kuvuta gesi kwenye puto? Mara ya mwisho lini? Ya kichupa au ya mtungi?" Swali la jumla kama "unatumia dawa za kulevya?" halitoshi, maana wengi hujibu hapana wakiwa wakweli kabisa, kwao gesi si dawa ya kulevya. Aulizwe faraghani, mzazi akiwa nje, na aambiwe kwamba jibu lake ni la tiba. Uholanzi iliipiga marufuku gesi hii kwa starehe mwanzoni mwa 2023, na Uingereza ikafuata Novemba mwaka huo huo. Sipingi sheria za namna hiyo, hasa kwa mitungi mikubwa ambayo ni vigumu kuona jiko la kawaida linaihitajia nini. Lakini kila sheria ya adhabu humpa mgonjwa sababu nyingine ya kunyamaza, kwa hiyo panapotungwa sheria, jibu analotoa kitandani lazima libaki mikononi mwa waganga.

Katika maabara, naomba chini ya kila jibu la B12 kuchapishwe mstari mmoja: kiwango cha kawaida hakiondoi uwezekano wa madhara ya nitrasi oksaidi, pima homosisteini na asidi ya methilimaloniki. Mstari huo mmoja ungemwokoa kijana wetu katika ziara ya pili, kwa sababu yule daktari alisoma karatasi. Hakuwa mzembe. Karatasi ndiyo iliyonyamaza.

Katika maduka ya dawa ya hospitali, haidroksokobalamini iwepo usiku na mwisho wa wiki, maana ndipo wengi wanapokuja. Na katika zahanati kuwe na nafasi ya kuendelea na sindano karibu na nyumbani, kwa sababu mtu asiyeweza kupanda ngazi hatafika hospitali kuu siku moja baada ya nyingine. Wengi huacha tiba kwa ajili ya usafiri tu.

Yule kijana alichomwa sindano ya kwanza siku ya ziara ya tatu. Wiki mbili za mwanzo hakuona badiliko kubwa, na ganzi iliongezeka kidogo, jambo linalowatisha wengi wakadhani dawa imewadhuru, waambiwe mapema. Wiki ya sita alitembea kwa fimbo, akiwa na kifaa kigumu cha kushikilia kifundo ili vidole visiburute. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimfundisha kusimama na kugeuka huku akipunguza polepole kutegemea macho. Baada ya miezi sita fimbo iliwekwa kando. Nyayo bado hazisikii vizuri na mitetemo inaanzia gotini. Nguvu hurudi kabla ya hisia, na sehemu fulani ya hisia huenda isirudi. Kama angechomwa katika ziara ya kwanza, wakati tatizo lilikuwa vidole vinavyochonyota tu, natarajia angekuwa anatembea kama zamani.

Marekebisho ya mwongozo, mstari wa maabara na agizo la dawa vinaweza kutiwa saini bila bajeti mpya wala jengo jipya. Niko tayari kukaa na kamati yoyote mtakayoiteua na kuandika nao maneno yenyewe.

Wenu katika kazi,
Daktari wa mishipa ya fahamu